Ukiahidi mshahara wa mkononi, anza hesabu mwisho

Ndugu mfanyabiashara, unapopatana mshahara na karani, mara nyingi mnataja kiasi kimoja tu: kile atakachoshika mkononi. Si kosa. Anayetoka Uvira au Kigoma kuja kufanya kazi Bujumbura anataka kujua atalipa nini kodi ya nyumba na atatuma nini nyumbani. Kosa huja baadaye, mwajiri anapokwenda kutafuta mshahara ghafi, yaani ule wa kabla ya makato, kwa njia isiyofaa.

Tuseme mwenye duka la jumla pale Mutakura amemwahidi karani wake faranga 340,000 mkononi kila mwezi, bila marupurupu mengine. Makato ni mawili. Kwanza INSS, asilimia 4 ya mshahara ghafi kwa upande wa mfanyakazi. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi ya mishahara, IPR, inayokusanywa na OBR. Kwa ngazi za sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2013, faranga 150,000 za kwanza hazitozwi kitu, kutoka hapo mpaka 300,000 hutozwa asilimia 20, na zinazozidi 300,000 hutozwa asilimia 30.

Wengi huchukua 340,000, wakakokotoa makato yake, wakayajumlisha juu. INSS inakuwa 13,600 na kodi 37,920. Jumla inafika 391,520, nao huiandika kwenye mkataba kama mshahara ghafi. Lakini makato hukatwa kwenye 391,520, si kwenye 340,000. Mwisho wa mwezi karani anapata kama 323,100, pungufu karibu 17,000. Kwake huo ni uongo, ingawa bosi hakukusudia kudanganya.

Njia iliyo sahihi ni kupanda ngazi kutoka chini. Mtu ambaye mshahara wake baada ya INSS ni 300,000 hukatwa kodi ya 30,000, akabaki na 270,000. Karani wetu ameahidiwa 340,000, kwa hiyo bado zinatakiwa 70,000 mkononi, na hizo zimo kwenye ngazi ya asilimia 30. Huko kila faranga 100 humwachia 70. Gawanya 70,000 kwa 0.70, upate 100,000. Basi mshahara baada ya INSS ni 400,000. Hizo ni asilimia 96 za ghafi, kwa hiyo gawanya 400,000 kwa 0.96: ghafi ni 416,667.

Sasa shuka tena uhakikishe. Toa INSS 16,667, zinabaki 400,000. Kodi ni 30,000 ya ngazi ya kati na 30,000 ya ngazi ya juu, jumla 60,000. Mkononi: 340,000 kamili. Hesabu ambayo haijashushwa hivi usiitie sahihi.

Angalia mpaka mmoja. Mchango wa pensheni wa INSS una kikomo: hautozwi juu ya faranga 450,000 kwa mwezi. Ghafi ikizidi hapo, usigawanye tena kwa 0.96. Mchango wa mfanyakazi unasimama kwenye 18,000, nawe unaujumlisha tu.

Na mfuko wako haujaishia kwenye ghafi. Mwajiri naye hulipa INSS asilimia 6 ya pensheni, hapa faranga 25,000, pamoja na asilimia 3 ya ajali kazini juu ya kikomo cha 80,000, yaani 2,400. Karani wa 340,000 anakugharimu 444,067. Bei ya bidhaa zako ipange kwa kiasi hicho.

Ukiajiri Kigoma, njia ni ile ile ila ngazi ni nyingine. Tanzania Bara huanza kutoza juu ya shilingi 270,000 kwa asilimia 8, na mfanyakazi aliye NSSF kwa kawaida hukatwa asilimia 10 kabla ya kodi. Usibebe jedwali la nchi moja ukavuka nalo mpaka.

Maoni yangu ni haya: patana kwa mkononi, lakini mkataba uandike ghafi, na kando yake mkononi inayotokana nayo siku ya kutia sahihi. Sheria ya bajeti inaweza kubadili ngazi hizi mwaka wowote. Mkataba ukitaja mkononi peke yake, kodi ikipanda mzigo wote unakuangukia wewe. Ikishuka, nafuu ni yako na karani hapati kitu. Ikiandikwa ghafi, kila mmoja anajua anasimama wapi, na hakuna wa kumwita mwenzake mwongo.