Msajili anapotaka kufuta shirika, sheria inamtaka afanye nini?

Kibondo na Kasulu kuna mashirika mengi kuliko wilaya nyingi za ukubwa wake, kwa sababu ya kambi za Nduta na Nyarugusu na kazi zilizozizunguka. Ndiyo maana swali hili linatufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu: barua ikija kwamba shirika limefutwa, ndiyo mwisho?

Tuanze na kesi ambayo ilifika mahakamani na ikaamuliwa. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilianzishwa mwaka 1994 likiongozwa na Profesa Anna Tibaijuka. Lilisajiliwa mwaka uliofuata chini ya Sheria ya Vyama vya Kijamii, inayosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka huo huo kulikuwa na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudi, na BAWATA ilikuwa ikiwaelimisha wanawake kuhusu kura na haki zao. Mwaka 1996 serikali iliisimamisha. Iliilaumu kwamba inafanya kazi kama chama cha siasa na kwamba haikuwasilisha taarifa za hesabu. Mwaka 1997 ikafutiwa usajili.

BAWATA ilikwenda Mahakama Kuu. Hukumu ilitoka mwaka 2009 na ikaipa ushindi: kufutwa kule kulikiuka Katiba. Hesabu mwenyewe, ni miaka 12. Ushindi ulipokuja, baraza lilikuwa limekwishasambaratika. Hapo sisi tunaona mambo mawili kwa pamoja. Msajili anaweza kushindwa mahakamani, lakini kuchelewa kwa hukumu kunaweza kumaliza shirika sawasawa na barua yake.

Leo mashirika mengi ya huku yako chini ya sheria nyingine, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliyalazimisha mashirika yaliyosajiliwa kwingine, lakini yanafanya kazi za aina hiyo, kuhamia huko. Yalimpa pia Msajili nguvu ya kuchunguza na kusimamisha shirika kwa muda. Kusimamisha na kufuta ni vitu viwili. Msajili anaposimamisha, jambo linakwenda kwenye Bodi ya uratibu, na Bodi ndiyo huamua kama cheti kifutwe. Nayo haiamui kwa kupenda. Sheria imetaja sababu, kama vile kukiuka masharti ya cheti, kwenda kinyume na katiba ya shirika, au kupata cheti kwa taarifa za uongo. Shirika lielezwe kosa lake na lipewe nafasi ya kujibu. Hata bila sheria hiyo, Ibara ya 13 ya Katiba ya nchi inampa haki ya kusikilizwa kikamilifu yule ambaye haki zake zinaamuliwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shirika la Kasulu limeandika kwenye katiba yake kwamba linafundisha kilimo cha mihogo. Mfadhili analipa fedha za kuchimba visima, nalo linachimba. Visima ni kitu kizuri, watu wanakunywa maji. Lakini katiba yake haivitaji, na taarifa ya mwaka haikupelekwa. Hapa Bodi ina sababu mbili halali, na shirika hilo likienda kulalamika litakuwa na shida. Sasa geuza: shirika lina kila karatasi, ila linapata barua isemayo tu kwamba "limeonekana halifai". Barua hiyo haitaji kosa wala kifungu, na shirika halikuitwa kujieleza. Hiyo ndiyo barua inayoweza kubatilishwa.

Hatua ya kwanza ni kuandika kuomba sababu na kifungu kilichotumika. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa ofisini, kwa sababu bila muhuri ni vigumu kuthibitisha kwamba uliandika. Sheria inaruhusu kukata rufaa kwa Waziri. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Kigoma mjini. Kwanza huombwa kibali, na ombi hilo liwasilishwe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi kutolewa. Jaji hatapima kama kazi yenu ina faida kwa kijiji. Atapima kama aliyeamua alikuwa na mamlaka, alifuata utaratibu na aliwasikiliza. Mnaweza pia kumwomba asimamishe utekelezaji wa uamuzi wakati shauri likiendelea, na baada ya yaliyoipata BAWATA, ombi hilo lisisahauliwe.

Kwa vikundi vidogo vya kuweka na kukopa, njia ni nyingine: hivyo vinasajiliwa halmashauri chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha, na Bodi tuliyoitaja haivihusu. Anayetaka kujua shirika lake liko kwenye daftari gani, aangalie juu ya cheti. Sheria iliyotumika imeandikwa hapo.