Mzazi aelezwe kwa ujumla, binti aelezwe yote

JICHO LA MARA
Na Bhoke Marwa

Mtafiti anayetaka kuzungumza na binti wa miaka 14 kuhusu ukeketaji, iwe Tarime au Serengeti, hukwama kabla hajauliza swali la kwanza. Kanuni zinamtaka apate ruhusa ya mzazi, kisha ukubali wa binti mwenyewe. Lakini huenda mzazi huyo ndiye anayepanga kumpeleka kwa ngariba shule zikifungwa Desemba. Tangu 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini, au vyote viwili. Ukimsomea mzazi maswali yote, umemtahadharisha mtu anayeweza kuwa mtuhumiwa, na jioni binti anabaki naye nyumba moja.

Nchi yetu imewahi kukutana na mtego wa aina hii. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ukishirikisha Serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24. Wazazi walielezwa kwamba utafiti unahusu afya na maisha ya vijana. Kijana alipokuwa faraghani ndipo alipoelezwa kwamba ataulizwa pia kuhusu ukatili, akaulizwa upya kama yuko tayari. Matokeo yake ndiyo yaliyotuonyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Naukubali utaratibu huo, kwa sharti moja: kinachofichwa kifichwe kwa mwenye uwezo wa kudhuru, kamwe kisifichwe kwa mtoto. Tena anachoambiwa mzazi kiwe kweli, hata kama si kweli yote. “Afya na maisha ya vijana” ni kweli. Kusema “tumekuja kupima malaria” ni uongo, na uongo huo ukigundulika mtafiti atakuwa ameshaondoka na gari lake. Atakayeulizwa ni binti.

Mahojiano yenyewe nayo yana mbinu ya kuficha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2001 kuhusu utafiti wa ukatili unashauri kuwa na maswali mepesi ya akiba, ili mtu akiingia ghafla mhoji ahamie huko. Hapo anayedanganywa ni aliyeingia. Binti lazima aelezwe mbinu hiyo mapema, la sivyo atachanganyikiwa na kujifichua mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti wengi huliruka. Wanaahidi siri kamili, ilhali Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Binti akisema, “Nitakeketwa Desemba,” mtafiti hawezi kufunga daftari na kuondoka. Basi amwambie kabla ya kuanza: ukiniambia uko hatarini, nitalazimika kutafuta msaada, na tutazungumza kwanza nimweleze nani. Binti akijua hivyo, anaweza kuchagua la kusema na la kunyamazia.

Kwenye nyumba salama za Mugumu na Masanga ugumu ni wa namna nyingine. Binti amewakimbia wazazi, hivyo ruhusa hutafutwa kwa afisa ustawi wa jamii na walezi wa kituo. Lakini mlezi ndiye anayempa chakula na kitanda. Akimwambia “nenda ukahojiwe”, binti atakataaje? Sahihi yake pekee haitoshi. Mwombe aeleze kwa maneno yake, kwa Kikurya ikibidi, nini kitatokea akikataa. Akijibu kwamba mlezi atakasirika, hajaridhia, na mahojiano yasianze.

Mwisho wa mazungumzo ndio wakati wa kumfafanulia tena kila kitu, siku hiyohiyo. Aambiwe taarifa zake zinakwenda wapi, aonyeshwe mtu wa kumpa msaada, na mkubaliane atajibu nini akiulizwa nyumbani. Kisha aulizwe: baada ya yote uliyosema, bado unaniruhusu niyatumie? Akisema hapana, yafutwe mbele yake. Mzazi naye apewe baadaye matokeo ya jumla ya eneo, yasiyomwonyesha binti wala kaya yoyote.

Kamati ya maadili ya NIMR hupitia fomu hizi kabla ya kazi kuanza, na halmashauri hupokea barua za watafiti. Naomba zote mbili zimtake kila mtafiti asome kwa sauti maneno atakayomwambia mzazi, na yale atakayomwambia binti mwanzoni na mwishoni. Asiye na maneno ya mwishoni asiruhusiwe kumhoji binti yeyote.