Si Kila Hatari Ni ya Kukimbizana Nayo

Wasee, acheni kupigana na kila hatari. Amua kwanza ni hasara gani uko tayari kubeba bila biashara kufa. Hiyo ndiyo hamu yako ya hatari. Halafu igeuze iwe namba: kizingiti.

Chukua msee anauza viatu vya mitumba mtandaoni, faida 5,000 kwa wiki. Anasema, hatari ikinila zaidi ya 500 kwa wiki, nachukua hatua. Wateja 4 kwa wiki hukataa mzigo ukishafika, na boda ni 200 kila safari. Hiyo ni 800. Imevuka, basi aitishe nauli mapema. Viatu vyenye doa vinamla 150? Anaandika tu kwa daftari na kuangalia.

Lakini wastani hudanganya. Stoku ya 30,000 ikiibiwa mara moja kwa miaka 3, kwa wiki ni kama 200 tu. Iko chini ya mstari, ama? Bado siku hiyo moja itamfunga. Ndio maana anahitaji kizingiti cha pili: pigo moja lisizidi 10,000. Agawe stoku mara tatu, kila fungu na mahali pake.

Na uweke hizo namba ukiwa umetulia. Ukingoja hasara ifike, woga ndio utakuamulia.