Hesabu ya Mteja Inayofilisi Maduka Yetu

Leo nimekuja na hasira kidogo. Juma lililopita nilikuwa Misikhu, hapo kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, kwa mama mmoja anayeuza pembejeo na chakula cha ng'ombe wa maziwa. Nilikwenda kumtengenezea programu ya mauzo. Akaniambia, "Kijana wangu, kuna mshauri alinifundisha kwamba kila mteja wangu ana thamani ya shilingi 28,000, kwa hivyo nisiogope kutumia hata 9,000 kumleta mpya." Nikanyamaza. Duka lake lilikuwa nusu tupu.

Tuone mshauri alivyofika hapo. Mteja wa kawaida hununua magunia 2 kwa mwezi, kila moja 2,800, yaani 5,600. Akadhani mteja hukaa miezi 5. Zidisha, unapata 28,000. Kosa la kwanza hilo: amehesabu mauzo. Sehemu kubwa ya zile 2,800 ni ya kiwanda. Ukitoa bei ya kununulia, gari la kuleta mzigo na ada ya kupokea malipo kwa simu, mama hubaki na 150 kwa gunia, yaani 300 kwa mwezi. Pesa ya kumtafuta mteja hutoka kwenye hizo 300.

Kosa la pili limejificha zaidi, na hata sisi wa kompyuta tunalifanya. Ile miezi 5 ilitoka wapi? Hewani! Nilichukua daftari lake nikaingiza kwenye tarakilishi, kisha nikawafuata wateja 40 walioanza kununua Januari:

```sql
SELECT mwezi_wa, COUNT(DISTINCT mteja)
FROM mauzo
WHERE kundi = '2025-01'
GROUP BY mwezi_wa;
```

Mwezi wa 1 walikuwa 40. Wa 2 wakawa 20, halafu 16, 14, 13, na wa 6 wakabaki 12.

Vitabu vinatupa kanuni fupi: gawanya faida ya mwezi kwa sehemu ya wateja wanaopotea kila mwezi. Ijaribu hapa. Ukitumia mwezi wa 2, nusu wamepotea, thamani ni 600. Ukitumia mwezi wa 6, amepotea mmoja kati ya 13, thamani ni 3,900. Duka ni lilelile! Kanuni hiyo inadhani watu huondoka kwa kasi moja, ilhali wengi huja kujaribu mara moja tu, na wanaobaki ni sugu. Kwa hivyo achana nayo, ujumlishe ulichokiona. 40+20+16+14+13+12 ni 115. Gawa kwa 40, zidisha kwa 300: takriban 862 kwa miezi 6. Hiyo ndiyo thamani ninayoweza kuitetea. Na 28,000 je? Kaniki hiyo, hata uifue haitakuwa nyeupe.

Sasa, je, mama atumie 862? La. Kiwanda kinataka pesa taslimu, hakingoji miezi 6. Faida ya mteja mpya hurudi hivi: 300 mwezi wa kwanza, 450 kwa jumla ukifika wa pili, 570 ukifika wa tatu. Mama anaweza kuvumilia miezi mitatu, basi 570 ndiyo dari yake, na awe chini yake.

Pima tangazo lake la redio sasa. Lilimgharimu 20,000, na mwezi huo wakaja wageni 16. Mshauri akasema 1,250 kwa kila mmoja. Lakini miezi isiyo na tangazo huja wageni 6 kwa kawaida. Redio ilileta 10 tu, kila mmoja kwa 2,000, dhidi ya dari ya 570. Hapo ndipo rafu zilipobaki tupu.

Tahadhari mbili kabla hujakimbilia daftari lako. Mvua ikinyesha majani huwa tele, mfugaji hupunguza kununua, kwa hivyo aliyenyamaza miezi miwili huenda hajakuhama. Tena mfugaji mmoja hulipa leo kwa simu yake, kesho kwa ya mkewe. Ukihesabu namba za simu utaona wateja wawili walioondoka mapema. Andika jina na kijiji.

Nilimshauri mama ampe mteja wa zamani punguzo la 200 kila akileta mfugaji mpya, na baada ya miezi mitatu tutahesabu kundi hilo peke yake, maana wanaofuata punguzo huenda wakatoroka upesi zaidi. Wewe mwenye mshauri wa aina ile, muulize swali moja tu: ni mauzo au faida? Akibabaika, mfungulie mlango.