Barua ya malipo si malipo

Tumchukue kwa mfano dada wa Homa Bay anayeuza vikapu mtandaoni. Mnunuzi adai yuko ng'ambo, aagiza vya shilingi 18,000, ndugu yake atavipokea Migori. Mara yaingia barua pepe kwa jina la PayPal: fedha zimefika, ila zimezuiliwa hadi atume nambari ya mzigo. Basi laondoka saa kumi, naye mnunuzi amhimiza.

Ni kweli PayPal huweza kuzuia malipo ya muuzaji mgeni, na hapo ndipo wengi wetu hunaswa. Lakini malipo hayo huonekana ndani ya akaunti yake, yakiandikwa kuwa yanasubiri. Yasipoonekana humo, hayakutumwa. Jina la mtumaji yeyote aweza kulibuni. Aliguse, aone anwani iliyo nyuma yake. Hata anwani ikifanana, asibonyeze kiungo kilichomo. Aandike mwenyewe paypal.com, aingie, atazame orodha ya miamala.

Asipoyakuta, vikapu vibaki nyumbani, basi na liende. Mzigo ukishachukuliwa stendi ya Migori, simu ya mnunuzi haitapokewa tena.