Tuuze shu, lakini lengalenga ibaki katika sufuria yetu



Kila musimu wa mvua tunaona jambo moja katika mashamba ya Nyiragongo, Rutshuru na Masisi. Shu na karoti zinapakiwa kwenda Goma, na ni vizuri, juu franka inahitajika. Lakini katikati ya maharagi na mahindi lengalenga imejiotea yenyewe, na siku ya kupalilia inang'olewa na kutupwa kando ya shamba. Jioni, nyumba ile ile inakula bugali na maharagi tu, ao inatuma mutoto kununua mboga. Sisi maagronomu tunasema wazi: hiyo ni hasara, na inaweza kukomeshwa pasipo kutumia pesa.

Shu inavumilia safari. Inaweza kungoja gari siku mbili, tatu, na bado ikapata mununuzi. Lengalenga na majani ya maharagi hayangoji. Yakikatwa asubuhi, jioni yamekwisha kunyauka. Ndiyo maana kati ya Septemba na Desemba, na tena Machi mpaka Mei, wakati kila mutu anayo, bei yake inaanguka sana. Kwa muuzaji hiyo ni bei mbaya, lakini kwa mulaji ndiyo wakati wa kula mingi. Tunashauri hivi: kinachovumilia safari kiende sokoni, kinachonyauka kiliwe nyumbani siku ile ile.

Watu wengi wanatujibu: "Watoto hawapendi, ni chungu." Tunakubali kwamba mara nyingi inatoka sufuriani ikiwa mbaya. Lakini kosa linaanzia shambani. Lengalenga iliyokwisha kutoa maua iko na majani magumu na machungu. Mupunguze ile iliyobanana ikiwa na juma tatu hivi, mung'oe midogo na mupike yote pamoja na shina lake laini. Inayobaki ikifika urefu wa goti, mukate juu na kuacha kama upana wa mikono miwili kutoka udongo. Itachipuka tena pembeni, na kiisha juma mbili hivi mutakata tena. Muache michache tu itoe maua kwa ajili ya mbegu.

Kwa majani ya maharagi muwe waangalifu zaidi, juu jani ndilo linalolisha mbegu. Muchume yale laini ya juu, mawili ao matatu kwa mumea mumoja, tangu juma la tatu mpaka kabla ya maua. Kiisha maua kutoka, muache. Mutu anayechuma wakati maganda yanajaa anakula mboga leo na kupunguza debe lake la mavuno.

Kuna pahali pengine ambapo hatutaki muchume hata kidogo. Ni lengalenga inayoota katikati ya tomati ao viazi vinavyopigwa dawa. Dawa ya kuua ukungu inaanguka juu ya majani yote, si juu ya tomati peke yake. Karatasi ya dawa inaandika siku za kungojea kabla ya kuvuna tomati, lakini siku hizo hazikuhesabiwa kwa lengalenga, na maji ya kuosha hayaondoi dawa yote. Hiyo muing'oe na kuitupa. Ya kula muipande kando, mistari miwili karibu na nyumba, pahali ambapo pompe ya dawa haifiki.

Sasa tufike jikoni. Tuchukue nyumba ya watu sita. Mafungu manne makubwa ya lengalenga yanatosha, pamoja na kitunguu viwili, tomati tatu, vijiko vitatu vya mafuta ya mawese, na konzi moja ya sambaza kavu ao ya karanga zilizosagwa. Muondoe shina gumu. Muoshe majani yakiwa mazima, katika maji mawili, kiisha ndipo mukate. Ukikata kwanza, sehemu ya vitamini inaondoka na maji ya kuosha.

Muweke sufuria juu ya mbabula, mupashe mafuta, mukaange kitunguu mpaka kilainike, kiisha tomati mpaka ziwe rojo. Mafuta ya mawese yasiungue. Wengine wanayaacha motoni mpaka yabadilike na kuwa meupe, lakini ule wekundu ndio wenye vitamini A, na ukipotea mumenunua mafuta ya bei na kutupa uzuri wake. Kiisha mutie sambaza zilizooshwa na kukaushwa kidogo motoni, ao karanga zilizokorogwa katika kikombe cha maji. Karanga ziache zichemke polepole mpaka mafuta yake yaonekane juu.

Majani yanaingia mwisho. Muyatie pasipo kuongeza maji, juu yenyewe yanatoa maji. Mugeuze mara mbili, muache sufuria wazi, na dakika saba ao nane zinatosha. Chumvi muweke wakati majani yamekwisha kunywea. Sufuria inayojaa mwanzoni inabaki robo, na mutu aliyeweka chumvi kwa kutazama ile iliyojaa, mboga yake haitaliwa. Mukitoa motoni, mukamulie nusu ya ndimu. Utamu unaongezeka, na ndimu pamoja na tomati vinasaidia mwili kuchukua ile chuma iliyo ndani ya majani. Mafuta nayo yana kazi, maana pasipo mafuta mwili hauwezi kuchukua vizuri vitamini A ya mboga.

Majani ya maharagi yapikwe ginsi ile ile, lakini yakatwe membamba sana na yapewe dakika kumi na tano hivi, pamoja na kikombe cha maji. Hapo karanga zinafaa kuliko sambaza, juu zinafunika ule ukali wa jani.

Tunawaomba wamama waache kutia soda katika mboga hizi. Tunajua inalainisha upesi na kuacha rangi ya kijani. Lakini inaharibu vitamini C, na inafanya jani liteleze mdomoni. Watoto wengi wanaosema hawapendi lengalenga, wanachokataa ni ule utelezi. Jani lililokatwa likiwa changa halina haja ya soda.

Kuna watakaosema sombe inatosha. Sombe ni mboga nzuri, na kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ndiyo inayobaki wakati lengalenga imekauka. Lakini sombe inapaswa kutwangwa vizuri na kuchemka zaidi ya saa nzima ili sumu yake itoke, na hilo halina njia ya mukato. Wakati huo makala yanakwisha. Mutu anayehesabu bei ya mboga pasipo kuhesabu makala anajidanganya. Wakati wa mvua, lengalenga ya dakika nane ndiyo mboga ya bei ndogo kuliko zote, hata kama mumeinunua.

Neno la mwisho ni kwa walio na ugonjwa wa mawe katika figo. Lengalenga iko na chumvichumvi fulani inayoweza kuongeza mawe hayo, zaidi sana ile iliyokomaa. Hao wamuulize muganga kwanza, na wakiruhusiwa, waichemshe kidogo katika maji mingi, wamwage maji yale, kiisha ndipo waikaange.

Katika mukutano ujao wa koperative, kila mumoja aseme ni mistari mingapi ya lengalenga ameipanda kando na dawa. Hesabu ya shu tunaifanyaka kila mara. Hii nayo iandikwe katika daftari.