Mnazi Mkali Si Sifa

Ukikaa mangweni Shika Adabu utasikia sifa moja tu: "Huu mkali, bana!" Basi, kesi imekwisha, watu wanavuta mrija. Mimi nakataa. Vijana hawa hawa wakipewa glasi ya mvinyo wa zabibu kule Nyali wataizungusha, wainuse, wafumbe macho. Mnazi nao ni mvinyo. Kwani hizo dakika mbili unanyimwa kwa sababu gani?

Jumamosi moja nililetewa mnazi kwenye chupa ya maji ya nusu lita, mgema hajulikani. Niliumimina ndani ya glasi isiyo na maua, nikaishika mbele ya karatasi nyeupe. Kikombe cha plastiki hakikuonyeshi kitu, na mrija ndio mbaya zaidi: unapita chini ya povu hadi kooni, macho na pua hazijaulizwa. Mnazi wa leo ni mweupe kama maji ya mchele, na vipovu vidogo huendelea kupanda kwa sababu hamira yake bado hai, inageuza sukari kuwa pombe na gesi. Huu wangu ulikaribia kupitisha mwanga, na povu lilikufa kabla sijavuta kiti. Nikashuku maji. Lakini sikuhukumu, maana mnazi uliotulia huacha hamira chini, na ukimiminwa taratibu huonekana mwepesi vilevile.

Nikanusa glasi ikiwa imetulia, kisha nikaizungusha, nikanusa tena. Mnazi mzuri hunukia kama unga wa mkate uliokandwa ukaumuka. Huu ulinipiga na siki, na nyuma yake harufu ya rangi ya kucha. Hiyo ni pombe iliyopata hewa, bakteria wakaigeuza asidi. Ndiyo "ukali" mnaousifu, jamani.

Halafu funda dogo. Nikalizungusha ulimini kwa sekunde tano, nikatema. Tamu! Tamu ya kunata meno. Hapo ndipo nilipoukamata. Utomvu wa mnazi huanza mtamu, na kadiri saa zinavyokwenda sukari hupungua, pombe na uchachu vikapanda. Siki ya jana na utamu wa alfajiri havikai kwenye kibuyu kimoja. Ama umechanganywa na mpya, ama umetiwa sukari. Ulimi hauwezi kuniambia ni kipi.

Na kuna pale unaposhindwa kabisa. Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kitui na kwingineko. Methanoli haina rangi, na kwa pua wala ulimi huitofautishi na pombe ya kawaida. Kwa hiyo hatua hizi zinapima umri na ulaghai wa maji, sumu hazipimi. Lililobaki ni kuuliza.

Nikarudi kwa muuzaji. "Mama, mnazi huu umegemwa lini, na nani?"

Akaniangalia kwa huruma. "Kwani si mkali, mwanangu?"